Krismasi ya Kwanza Bila Mzee

Andiko la wiki: Mithali 25:20. Soma pia Ruthu 1:19-22, Luka 2:36-38 na Yohana 11:17-37.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jirani ambaye karibu kila mmoja wetu anaye. Ni mama mzee, mume wake alizikwa mwaka huu, na sasa tarehe 25 Desemba inakaribia. Madukani mapambo yameshatundikwa. Nauli ya kwenda mashambani imeanza kupanda, na watoto wanaulizana mbuzi atachinjwa lini. Wewe unapita mbele ya lango la huyu mama na unajiuliza: nitamwambia nini? Nikimwambia "Krismasi njema" nitakuwa nimemuumiza? Nikipita kimya nitakuwa nimemtupa?

Chini ya swali hilo kuna lingine zito zaidi. Sisi tunaamini ufufuo. Sisi ni watu wa kusifu kwa sauti, kwa ngoma na kwa makofi. Je, tuna haki ya kumtaka mtu aliyefiwa afurahi pamoja nasi? Tukimwacha na huzuni yake siku tunayokumbuka kuzaliwa kwa Mwokozi, huo ni upungufu wa imani, ama ndio upendo wenyewe?

Siulizi hivi kama mtu mwenye majibu tangu mwanzo. Nauliza kwa sababu mwaka jana nilikosea, na aliyenionyesha kosa langu ni mama mwenyewe.

Tulivyomwimbia

Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. Mimi humwita Mama, na watoto wangu humwita Shosho. Mzee wake alifariki mwezi wa Aprili baada ya kuishi naye miaka 49. Wakati wa msiba hatukumwacha. Kila jioni tulikutana kwake kuomba, tukachanga pesa za jeneza na za gari, tukamsindikiza hadi shambani kwa mazishi. Lakini mnajua vile huwa. Mazishi yakiisha, hema hukunjwa, viti hurudishwa, na kila mtu hurudi kwa shughuli zake. Kufikia Desemba hakuna aliyekuwa akipita kwake tena ila kwa salamu za haraka.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, sisi sita wa ushirika wa nyumba tukasema twende tukamtie moyo Mama. Tulibeba unga, sukari na majani chai, pamoja na kayamba na ngoma ndogo. Tuliingia kwake tukiimba nyimbo za Krismasi, tukapiga makofi, tukamwinua kitini acheze nasi. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa, "Mama, changamka! Mzee mwaka huu anasherehekea Krismasi na Yesu mwenyewe!" Alicheka, akatupikia chai, akatusindikiza hadi langoni na kutushukuru mmoja mmoja. Tulirudi nyumbani tukisema ameinuka rohoni.

Jumapili mbili zilipita bila kumwona kanisani. Nikaenda kumtazama, safari hii peke yangu. Tulipokuwa tumeketi, aliniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Mwanangu, siku ile mlidhani nimefurahi? Nilikuwa nawafurahisha nyinyi. Mlikuja na furaha nyingi mpaka sikuona mahali pa kuweka huzuni yangu. Mlipoondoka nililala na viatu miguuni, nilikuwa nimechoka hivyo."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mjane wa miezi minane alikuwa ametumia jioni nzima kutufariji sisi tuliokwenda kumfariji.

Siki na magadi

Hebu sasa tufungue Mithali 25:20. Mwandishi anamzungumzia mtu anayemwimbia nyimbo mwenye moyo wa huzuni, na anamfananisha na mambo mawili. La kwanza ni mtu anayevua nguo wakati wa baridi. La pili ni siki iliyomwagwa juu ya magadi. Zipo tafsiri zinazosema siki juu ya kidonda, na hiyo nayo haihitaji maelezo.

Magadi tunayajua sisi. Ndiyo yale yanayotoka Ziwa Magadi kule Kajiado, na wengi wetu tumeyatumia jikoni kulainisha maharagwe au mboga za kienyeji. Chukua kijiko kimoja, umwagie siki, uone. Yatachemka kwa povu na kelele, utadhani kuna jambo kubwa linafanyika. Subiri dakika chache povu litulie. Utakuta siki imepoteza ukali wake, na magadi hayana nguvu tena ya kulainisha chochote. Kelele ilikuwa nyingi, lakini vitu viwili vizuri vimeharibiana.

Ndivyo ilivyokuwa jioni ile. Nyimbo zetu zilikuwa nzuri. Huzuni yake nayo ilikuwa na kazi yake, kwa maana huzuni ya mjane ni upendo ambao umebaki bila mtu wa kuupokea. Tuliviminia pamoja kwa haraka, vikatoa povu, na povu hilo ndilo tulilosimulia njiani kama ushindi.

Angalia pia ile nguo. Mtu anayehisi baridi ya Limuru mwezi wa Julai hukaa amejifunika blanketi. Ukimvua blanketi, hali ya hewa haibadiliki. Wewe umemwondolea tu kile kilichomsaidia kuivumilia. Mama alikuwa na mambo madogo yaliyomfunika: kukaa kimya, kulia akiwa peke yake, kukishika kile kisweta cha Mzee. Sisi tukamwambia changamka, maana yake vua hayo.

Andiko hili halikatazi wimbo. Linasema juu ya nani anaimbiwa na wakati gani.

Furaha hiyo ilikuwa ya nani?

Niliporudi nyumbani nilijichunguza. Kwa nini tulitaka sana acheke? Jibu la kweli halikunipendeza. Machozi yake yalitutisha. Kuketi mbele ya mtu ambaye huwezi kumrudishia alichopoteza ni kazi ngumu, na kicheko chake kingetupa ruhusa ya kwenda nyumbani na dhamiri nyepesi. Tulimpa furaha kama mtu anavyolipa deni ili mdai asirudi tena.

Tangu siku hiyo, kabla sijasema neno kwa mtu aliyefiwa hujiuliza jambo moja: neno hili litamsaidia nani kupumua, yeye ama mimi?

Jaribu swali hilo kwa maneno tuliyoyazoea. Tunasema, "Angalau mliishi pamoja miaka mingi." Neno hilo "angalau" ni la kunipunguzia mimi uzito. Kwake yeye miaka 49 haipunguzi chochote. Mtu aliyeandaa Krismasi 49 na mwenzake ana kumbukumbu 49 zinazobisha mlangoni kwa pamoja, na mikono yake haijui kupika kwa kipimo cha mtu mmoja.

Ama tunasema, "Yuko mahali pazuri, usilie." Sehemu ya kwanza ni imani yetu na ni tumaini letu. Kosa liko katika kuigeuza kuwa sababu ya kumnyamazisha. Yeye halii kwa sababu hajui Mzee yuko wapi. Analia kwa sababu anajua ni wapi hayuko: hayuko kwenye kiti chake, hayuko upande wake wa kitanda, hayuko mlangoni akiuliza chai iko wapi.

Lakini si sisi tuna tumaini?

Najua kuna mpendwa atakayesema, "Ndugu, tukiwaacha watu na huzuni si tunaifungulia mlango roho ya kukata tamaa? Nehemia 8:10 haitwambii furaha ya Bwana ndiyo nguvu yetu?" Ni swali la haki, wacha tulijibu polepole.

Kwanza, watu wa Nehemia hawakuwa wakilia kwa kufiwa. Walikuwa wakilia baada ya kusomewa torati, wakaona jinsi walivyoiacha. Neno alilopewa mtu anayelilia dhambi yake usimpe tu mtu anayemlilia mume wake. Na mstari huohuo unawaambia watu wapeleke sehemu ya chakula kwa wale ambao hawakuandaliwa kitu. Kwa hiyo, hata ile furaha ya Nehemia ilipelekwa kwa jirani ikiwa kwenye sahani.

Pili, Paulo katika 1 Wathesalonike 4:13 hasemi tusihuzunike. Anasema tusihuzunike kama watu wasio na tumaini. Yaani kuna huzuni ya mtu mwenye tumaini, na Paulo anaipa nafasi. Hapo ndipo wengi tunachanganya. Tumaini na uchangamfu si kitu kimoja. Tumaini ni kujua kwamba kaburi halina neno la mwisho. Uchangamfu ni hali ya uso na sauti. Mtu anaweza kuwa na tumaini lote na asiwe na uchangamfu hata kidogo, na pengine ndiye aliye na imani kubwa kuliko mimi ninayecheka kwa sababu sijafiwa.

Tatu, mtazame Yesu kule Bethania. Martha na Mariamu walifiwa na ndugu mmoja, katika nyumba moja, na kila mmoja alimwambia Yesu neno lilelile: kama angalikuwapo, ndugu yao hangalikufa. Soma Yohana 11:21, kisha usome 11:32. Lakini majibu hayakuwa mamoja. Martha aliongeza kwamba hata sasa anajua Mungu atampa Yesu lolote atakaloomba, ni kama alikuwa amefungua mlango wa mazungumzo, na Yesu akaongea naye juu ya ufufuo. Mariamu alianguka miguuni pake akilia. Yesu hakumhubiria Mariamu. Aliuliza maiti imewekwa wapi, kisha akalia.

Fikiri juu ya hilo. Huyu ndiye aliyejua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini akitembea. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema "usilie, mambo yatakuwa sawa," ni yeye. Lakini alilia kwanza. Ikiwa yeye mwenye uwezo wa kumrudisha marehemu hakuyaruka machozi ya Mariamu, mimi nisiyeweza kumrudisha mtu nitayaruka kwa mamlaka gani?

Bethlehemu iliwajua wajane

Tunaimba sana juu ya Bethlehemu mwezi huu. Zamani kabla ya hori na wachungaji, mji huohuo ulimpokea mjane mzee anayeitwa Naomi, akirudi kutoka Moabu bila mume na bila wana wake wawili. Wanawake wakashangaa kama ni yeye kweli. Akawaambia wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, yaani chungu, na akasema maneno makali juu ya jinsi Mwenyezi alivyomtenda.

Tafuta katika Ruthu sura ya 1 mahali ambapo wanawake hao walimkemea. Hakuna. Biblia haituonyeshi hata mmoja akimwambia akiri neno la imani, wala aache kusema hivyo. Sura inafungwa kwa kutuambia tu kwamba mavuno ya shayiri yalikuwa yanaanza. Naomi alikuwa chungu, na mavuno yalikuwa yanaanza, na mambo hayo mawili yakakaa pamoja katika mji mmoja. Wanawake walisema maneno yao ya baraka baadaye, katika sura ya 4, wakati mtoto alipozaliwa na furaha ilipokuja kwa miguu yake yenyewe.

Na ndani ya habari za kuzaliwa kwa Yesu yupo mjane mwingine mzee, Ana binti Fanueli. Luka angeweza kutuambia tu kwamba alikuwa nabii. Lakini anahesabu: aliishi na mume wake miaka saba, kisha akawa mjane, na anataja ile miaka 84. Miaka mingi imepita na bado ujane wake unatajwa pamoja na sifa zake. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto Yesu akiwa mjane. Hakuna aliyemtaka ausahau ujane wake kwanza ndipo apate nafasi katika Krismasi.

Kwa hiyo mama huyu jirani yako si mgeni katika sikukuu hii. Watu kama yeye walikuwamo tangu mwanzo.

Basi nitasema nini?

Narudi kwa jirani yangu, siku ile aliponiambia ukweli. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia, "Mama, pole. Tulikuja kwa pupa. Sikukuuliza unajisikiaje." Kisha nikanyamaza, na kunyamaza huko kulikuwa kugumu kuliko kuhubiri. Neno "pole" ni ndugu wa "polepole". Ukishalisema, usilikimbize kwa maneno mengine.

Baada ya muda nikamwambia, "Krismasi inakuja, na ni ya kwanza bila Mzee. Sijui itakuwa aje kwako. Kuna kitu gani unakiogopa zaidi siku hiyo?"

Nilidhani atasema anaogopa siku yote. Sivyo. Alikuwa na mambo mawili, na alikuwa ameyabeba peke yake kwa wiki kadhaa. La kwanza ni alfajiri. Kila Krismasi Mzee aliamka saa kumi na moja, akawasha jiko la makaa nje, akafungua redio, na yeye Mama akaamka kwa sauti hiyo. Aliogopa kuamka na kukuta kimya. La pili ni maombi ya chakula. Watoto wake watatu wangekuja na wajukuu, na Mzee ndiye aliyekuwa akiomba kabla ya kula. Aliogopa ile dakika ambayo sahani zimeshapakuliwa na kila mtu anamtazama mwenzake.

Mnaona? Huzuni ya jumla hatuwezi kuigusa. Lakini alfajiri moja na ombi moja ni vitu ambavyo jirani anaweza kusaidia kuvibeba. Hukuvijua kwa sababu hukuuliza, na mwenye mzigo hawezi kukuambia ukiwa unaimba.

Juu ya alfajiri nilimwambia, "Nitakuja saa kumi na mbili na chupa ya chai. Hatutalazimika kuongea. Ukiamka uone hutaki mtu, acha lango na komeo. Nikikuta limefungwa nitarudi nyumbani na sitakasirika." Hiyo sehemu ya mwisho ni muhimu sana. Mama wa umri huo hawezi kumkatalia mgeni, maana heshima haimruhusu. Usipompa njia ya kukataa bila aibu, msaada wako unakuwa mgeni mwingine wa kuhudumiwa. Ndiyo sababu pia ile ahadi yetu ya "Mama, ukihitaji chochote piga simu" haisaidii. Tumemwachia yeye kazi ya kufikiri na kuomba. Sema kitu kimoja, saa moja, na njia ya kutoka.

Juu ya maombi ya chakula nilimshauri amwambie mmoja wa watoto wake mapema, kwa simu, kabla hawajafika. Alimchagua kitinda mimba wake. Aliomba kitu kimoja zaidi, kwamba Mzee atajwe kwa jina katika ombi hilo. Hapo nilijifunza jambo lingine. Sisi wote tulikuwa tumeacha kulitamka jina la Mzee, tukidhani tunamwepusha na uchungu. Kumbe yeye aliona tunamzika mara ya pili. Kama ulimjua marehemu, litaje jina lake na useme jambo dogo la kweli: alivyosalimia watu mlangoni mwa kanisa, alivyokarabati ua. Akilia, hukumliza wewe. Machozi yalikuwepo tayari, sasa yamepata mwenzake.

Kuhusu ibada ya Krismasi, aliogopa ile saa ya sifa na lile neno la madhabahuni la "mgeukie jirani yako, mpe tabasamu." Tukaongea na wahudumu wa mlangoni. Wakamwekea kiti cha mwisho wa safu karibu na mlango, na akajua anaweza kuingia baada ya sifa, ama kutoka katikati, bila mtu kumfuata akiuliza kuna nini. Kwa sisi wahubiri na viongozi wa sifa: sentensi moja inatosha. Tuseme mbele ya kusanyiko kwamba kuna walio na huzuni leo, na kwamba wana nafasi hapa kama walivyo. Kisha tuendelee kusifu. Hakuna anayedai kanisa lizime ngoma kwa ajili ya mtu mmoja. Mavuno ya shayiri hayakusimama kwa ajili ya Naomi.

Ilivyokuwa

Asubuhi ya tarehe 25 nilienda na chupa yangu. Komeo lilikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, jiko mbele yake halijawashwa. Nilimmiminia chai. Hatukuongea kwa muda mrefu. Alilia, akajifuta na leso, akalia tena. Mimi sikusema chochote ila "pole, Mama." Jua lilipoanza kutoka akaniambia, "Unajua hakuwahi kujifunza kuliwasha hili jiko vizuri? Miaka yote hiyo ni moshi tu. Nilikuwa najifanya nimelala ili asijue nakohoa." Akacheka. Kisha akalia tena kidogo. Kisha akaniomba kiberiti.

Sikumpa kicheko hicho. Kilikuja chenyewe kwa sababu machozi hayakufukuzwa. Na kama kisingekuja, asubuhi ile haingekuwa imeharibika. Nasema hivi ili usiende kwa jirani yako ukingoja kicheko kama malipo. Huenda ukakuta komeo limefungwa. Rudi nyumbani, unywe chai yako, na umpelekee sahani ya chapati jioni.

Mchana kitinda mimba aliomba, akamtaja baba yake, wengine wakalia mezani, na chakula kikaliwa. Mama hakuniambia ilikuwa siku nzuri. Aliniambia, "Imepita." Nikamjibu, "Imepita, Mama." Sikuongeza neno.

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko nilivyofikiri. Watoto walirudi mijini tarehe 27, nyumba ikawa tupu ghafla. Usiku wa tarehe 31, sisi wengine tukiwa kwenye kesha, yeye alikuwa akiuacha mwaka wa mwisho ambao Mzee aliuona. Kama una ziara moja tu ya kutoa, huenda ni afadhali uitoe siku hizo kuliko tarehe 25 yenyewe.

Neno moja la tahadhari. Kumwachia mtu huzuni yake si kumwachia hatari. Ukiona mama amekaa siku nyingi bila kula, ameacha dawa zake za presha ama sukari, haamki kitandani, ama anasema anataka kumfuata mzee wake, usiseme ni majonzi ya kawaida yatapita. Kaa naye, waite watoto wake, mpeleke kwa daktari, na umwombee njiani. Maombi na hospitali havipigani.

Wapendwa, lile swali la mwanzo nalijibu hivi. Hatuna haki ya kudai furaha kwa mtu aliyefiwa, hata kwa jina la Yesu, kwa maana Yesu mwenyewe hakuidai kwa Mariamu. Tulichoamriwa katika Warumi 12:15 kina pande mbili, kufurahi na wanaofurahi na kulia na wanaolia, na sisi tumezoea upande wa kwanza. Tumaini la ufufuo ni letu kulilinda kwa niaba ya mama huyu mpaka atakapokuwa na nguvu ya kulibeba mwenyewe. Tunalilinda kwa kurudi kwake tena na tena.

Wiki hii, kabla ya Jumapili, nenda kwa lango moja. Enda peke yako ama na mtu mmoja. Usibebe kayamba. Sema pole, litaje jina, uliza anaogopa nini, na usikilize hadi mwisho.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyelia Bethania ukijua utakalofanya, utufundishe kuketi na wanaolia sisi tusioweza kufanya hilo. Utusamehe pale tulipowachosha wajane wako kwa furaha yetu. Uwe pamoja na kila mama atakayeamka Krismasi hii katika nyumba yenye kimya. Na sisi majirani utuamshe mapema. Amina.